Mabati Yameshuka Bei Siku Chache Baada ya Kununua: Jinsi ya Kuomba Tofauti Dukani, Hatua kwa Hatua

Kila mwaka kati ya Agosti na Novemba, Tabora mjini inajaa wanunuzi wa mabati. Pesa za tumbaku zimeingia, mvua iko karibu, na watu wa Urambo, Sikonge na Uyui wanataka kuezeka kabla udongo haujalowa. Bei za wiki hizo hazitulii. Unalipa Jumatatu, Ijumaa unapita mbele ya duka lilelile, na kwenye kibao bati hilohilo limepungua shilingi elfu mbili na zaidi. Kwa bati moja ni pesa ndogo. Kwa nyumba nzima, ni gharama ya kofia na misumari yote.

Wengi wanaorudi dukani kuomba tofauti hutoka mikono mitupu. Mara nyingi duka lilikuwa tayari kusikiliza, ila mteja alidai kama mwenye haki ya kisheria, akapandisha sauti mbele ya wateja wengine, au hakuwa na hesabu ya kile anachotaka. Mwongozo huu unafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Bei zilizomo ni za mfano tu, weka za kwako.

## Kwanza ujue unasimama wapi

Hakuna sheria Tanzania inayomlazimisha muuzaji kukurudishia tofauti kwa sababu bei imeshuka baada ya mauzo. Mlikubaliana bei, ukalipa, ukapewa mali. Biashara hiyo imefungwa. Kushusha bei si kosa, kwa hiyo kumtishia mwenye duka kwamba utampeleka TRA au Tume ya Ushindani hakukusaidii. Kunamfanya afunge mlango tu.

Mambo yanabadilika katika hali mbili. Ya kwanza ni pale muuzaji alipokuahidi mwenyewe, kwenye ujumbe au kwa maandishi, kwamba bei ikishuka ndani ya siku fulani atarudisha. Hapo ahadi ni sehemu ya makubaliano. Ya pili ni pale alipokudanganya ili ununue, mfano alikuuzia geji 32 akasema ni geji 30. Hilo ni dai la mali isiyo sawa na iliyoagizwa. Lina nguvu zaidi kuliko la bei, na usilichanganye nalo.

Nje ya hapo, unachofanya ni ombi la kibiashara. Unakwenda kumwonyesha mwenye duka kwamba kukupa kitu kunamfaa kuliko kukuacha uondoke na kinyongo.

## Vitu vya kuwa navyo

Usitoke nyumbani bila hivi:

- Risiti ya EFD ya ununuzi, pamoja na picha yake kwenye simu. Karatasi ya risiti hufifia kwa joto na mafuta. Ukiiweka kwenye dashibodi ya gari au mfuko wa plastiki juani, maandishi yanaweza kupotea kabla hujaitumia.
- Uthibitisho wa malipo: ujumbe wa muamala wa simu au karatasi ya benki, hasa kama risiti iliandikwa pungufu ya ulicholipa.
- Picha ya bei mpya, ikionyesha kibao cha duka na tarehe. Kama bei uliiona kwenye status ya WhatsApp ya duka, piga picha ya skrini siku hiyohiyo maana status hufutika baada ya saa 24.
- Maelezo kamili ya bati: geji, urefu, aina ya migongo, rangi na chapa ya kiwanda.
- Idadi tatu: mabati yaliyokwisha kupigwa misumari, yaliyo nyumbani bado mazima, na yale ambayo hujayachukua dukani.

Hiyo idadi ya tatu ndiyo watu husahau, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Utaona kwa nini kwenye Hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Hakikisha unalinganisha bati lilelile

Nusu ya maombi yanaanguka hapa. Bati la geji 30 na la geji 32 kwa mbali hayana tofauti, lakini namba ya geji inavyopanda bati linakuwa jembamba, na bei inashuka. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bati lenyewe, si kibao. Angalia pia urefu. Bati la mita 2.5 lililoandikwa bei ya chini si bati lako la mita 3 lililoshuka. Ili usidanganyike, gawanya bei kwa urefu upate bei ya mita moja, kisha linganisha mita kwa mita.

Uliza pia kama bei mpya ni ya mabati mazima. Maduka huuza kwa bei ya kutupa mabati yaliyokwaruzika rangi au kupinda pembe njiani kutoka Dar es Salaam. Hayo hayawezi kuwa kipimo cha yako.

Jambo la mwisho hapa ni bei uliyolipa kweli. Kama kibao kilisema 33,000 nawe ukapunguziwa hadi 31,000, kipimo chako ni 31,000. Kibao cha leo kikisema 30,000, unachoweza kuonyesha ni tofauti ya 1,000, si 3,000. Njia nzuri ni kumtuma ndugu au fundi aulize bei ya mwisho kwa idadi kama yako, kwa sababu bei ya mabati 60 haifanani na ya mabati matano.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja: bati lilelile, geji ileile, urefu uleule, duka lilelile, jana mteja wa idadi kama yangu kauziwa bei hii.

Kama bei ya chini iko duka jingine, jua kwamba ombi lako ni dhaifu. Mwenye duka wako hapangi bei za jirani. Litumie tu kwa mabati ambayo hujayachukua.

## Hatua ya 2: Jua kwa nini bei imeshuka

Sababu ndiyo inakuambia mwenye duka ana nafasi kiasi gani ya kukupa.

Kama mzigo mpya umeingia kwa bei nafuu, mabati yako alishayauza kwa faida yake ya kawaida. Tofauti yako itatoka kwenye faida hiyo, nayo ipo. Hapa una nafasi nzuri.

Kama wateja wamepungua na anapunguza ili apate mzunguko, faida yake ya sasa ni nyembamba. Ana uwezo wa kukupa kitu, lakini si chote, na vitu atavitoa kwa wepesi kuliko pesa taslimu.

Kama anamaliza chapa au rangi ambayo haiagizwi tena, huenda anauza bila faida ili arudishe mtaji. Usitegemee pesa hapo.

Kuijua sababu si kazi ngumu. Vijana wanaopakia mabati wanajua mzigo mpya umeingia lini. Waulize kwa upole ukiwa unachukua mzigo wako.

## Hatua ya 3: Piga hesabu na uandae maombi matatu

Chukua mfano wa mnunuzi wa Urambo. Alinunua mabati 60 ya geji 30, mita 3, kwa 31,000 kila moja, akalipa 1,860,000. Siku nne baadaye duka lilelile linauza 28,500. Kwa bei hiyo angelipa 1,710,000. Tofauti ni 2,500 kwa bati, jumla 150,000.

Sasa hali ya mzigo: 25 yamekwisha pigwa, 15 yako nyumbani, na 20 bado yako dukani yakisubiri safari ya pili ya gari.

Hayo 20 ndiyo msingi wake. Mwenye duka bado ameyashika, hajayakabidhi, na yamelala kwenye rundo moja na yale anayouza 28,500. Ni vigumu kwake kumtazama mteja machoni na kumkabidhi kwa 31,000 bati ambalo mteja wa nyuma yake anauziwa 28,500. Mabati yaliyokwisha kupigwa misumari hayana nguvu hiyo. Hayawezi kurudi, na mwenye duka anajua hivyo.

Kwa hiyo maombi yake anayapanga hivi, kutoka la juu kwenda la chini:

1. Tofauti yote, 150,000, kwa pesa.
2. Tofauti ya mabati 20 ambayo hayajachukuliwa, yaani 50,000 kwa pesa, na kwa mengine 40 apewe kofia na misumari ya thamani iliyo karibu na 100,000.
3. Kofia na misumari tu, bila pesa, zenye thamani isiyopungua 80,000.

Ombi la pili ndilo linalokubalika mara nyingi, na sababu yake ni ya kihesabu. Kofia anayokuuzia 12,000 yeye hakuinunua kwa 12,000. Akikupa vitu vya 100,000 kwa bei ya rejareja, mfukoni mwake kinatoka kiasi kidogo kuliko hicho. Wewe unapata thamani kamili kwa sababu kofia na misumari ungenunua hata hivyo. Kabla ya kwenda, muulize fundi wako idadi kamili inayotakiwa, usije ukapokea kofia nne za ziada zisizo na kazi.

Tahadhari: usiombe kurudisha mabati 60 ili uyanunue upya kwa bei mpya. Wengi huanza hivyo wakidhani ni ujanja. Mwenye duka anasikia gharama ya kubeba, mikwaruzo na karatasi za kodi, anakataa, na baada ya kukataa mara moja ni vigumu kumgeuza. Kama ni ya rangi na yalikatwa kwa vipimo vya paa lako, hata usilitaje, maana hayamfai mteja mwingine.

Kama ulinunua kwa kulipa kidogo kidogo na bado una deni, kazi yako ni nyepesi zaidi: omba tofauti ikatwe kwenye deni. Hakuna pesa inayotoka droo.

## Hatua ya 4: Chagua siku, saa na mtu

Siku zinahesabika. Ndani ya wiki moja ombi linasikika. Baada ya wiki mbili au tatu jibu ni kwamba bei hupanda na kushuka.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha, nayo ni kodi. Duka lililosajiliwa VAT huwasilisha ritani ya mwezi ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukiomba ndani ya mwezi uleule wa ununuzi, mauzo yako bado hayajaingia kwenye ritani, na marekebisho ni mepesi. Ukichelewa, mwenye duka atakuambia kodi ya hiyo bei ameshailipa, na atakuwa anasema kweli. Kwa kiwango cha kawaida cha 18%, ndani ya ile 150,000 kuna karibu 22,900 ya VAT, ambayo ni pesa ya serikali na si faida yake.

Usiende duka linapofunguliwa. Wafanyabiashara wengi hawapendi kutoa pesa kabla ya kuuza chochote, na ukiwa wa kwanza kuingia na ombi la kurudishiwa unaanza vibaya. Saa nne hadi saa tano asubuhi ni nzuri, au alasiri kabla ya hesabu za jioni. Ijumaa, epuka muda wa swala ya adhuhuri.

Ongea na mwenye duka au msimamizi wake. Kijana wa kaunta hana mamlaka ya kutoa hata 5,000, na ukimbana atasema hapana ili awe salama kazini. Ukimkosa mwenye duka, uliza atakuwepo lini, uondoke. Usiache ujumbe wenye kiasi cha pesa, kwa sababu utamfikia umegeuzwa.

Na kubwa kuliko yote, ongea naye pembeni. Anachokiogopa si 150,000 yako. Anaogopa watu kumi walionunua wiki hiyo wasikie na wote warudi. Ukimwonyesha mapema kwamba jambo litabaki kati yenu, umemwondolea nusu ya sababu ya kukataa.

## Hatua ya 5: Sema maneno machache, ukianza na mzigo uliobaki

Msalimie kwanza, muulize hali ya biashara, kisha ingia kwenye jambo. Mazungumzo yanayofaa yako hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, mzigo wa pili unachukua leo?"

"Ndiyo mzee, gari linakuja mchana. Ila nina ombi dogo, tukae pembeni kidogo. Nilichukua mabati sitini Jumatatu kwa thelathini na moja, risiti hii hapa. Leo naona yanakwenda ishirini na nane na nusu. Ishirini yangu bado yako hapa kwako. Najua tulishamalizana na sikulaumu, bei ni ya soko. Naomba unifikirie kwenye hiyo tofauti, ni laki moja na nusu."

Kisha nyamaza. Kosa kubwa hapa ni mteja kuendelea kuongea na kujipunguzia mwenyewe: "au hata elfu hamsini, au hata ishirini." Mwache mwenye duka ajibu kwanza.

Maneno "tulishamalizana na sikulaumu" yana kazi. Yanamwambia kwamba hujaja kudai haki, kwa hiyo hana haja ya kujitetea. Kama ana umri wako, "bosi" au "kaka" inatosha. Kama ni mama, anza na "mama" na shikamoo yako.

Kama uko mbali, tuma ujumbe wa maandishi badala ya kupiga simu. Kwenye simu atajibu haraka akiwa na wateja, na jibu la haraka huwa ni hapana:

"Habari bosi. Tarehe 6 nilichukua kwako mabati 60 G30 mita 3 kwa 31,000, risiti nimeambatanisha. Naona sasa ni 28,500. Mabati 20 bado yako dukani. Naomba tuangalie tofauti kabla sijatuma gari Jumamosi. Sihitaji haraka, ukipata nafasi nijulishe."

## Hatua ya 6: Jibu pingamizi

"Bei imepungua, ikipanda ungeniongezea?" Hili ndilo utakalolisikia zaidi, na lina haki yake. Usibishane nalo. Sema: "Kweli mzee, ndiyo maana nimesema ni ombi. Basi tuongee ishirini ambayo sijachukua." Hapo umeshuka kwenda ombi la pili bila kushindwa.

"Risiti imeshatoka, siwezi kubadilisha." Kweli, mashine ya EFD haifuti risiti, na taarifa ya siku hutumwa TRA. Lakini huombi kubadilishiwa risiti. Duka lililosajiliwa VAT linaweza kutoa hati ya marekebisho pale bei inapopungua baada ya mauzo. Kama hataki karatasi, kofia na misumari zinamaliza tatizo.

"Nipe hiyo risiti nikutolee nyingine ya bei mpya." Kuwa makini. Ukitoa risiti halisi na mpya isipotoka papo hapo, umepoteza ushahidi wa ununuzi, na mzigo wako barabarani hauna karatasi. Mnunuzi asiye na risiti naye anaweza kutozwa faini. Mpe picha au nakala, ya asili ibaki kwako.

"Nitakufikiria ukija kununua tena." Kama ujenzi haujaisha, hilo linaweza kuwa na thamani, ila liwe na namba. Uliza: "Punguzo la kiasi gani, kwenye bidhaa gani, mpaka lini?" Likiandikwa kwenye WhatsApp yake, ni makubaliano. Lisipoandikwa, usilihesabu.

Hapana ya moja kwa moja. Toa ombi la tatu mara moja, kwa sauti ileile. Likikataliwa pia, shukuru, chukua mabati yako 20 na uyakague moja moja kabla ya kupakia. Wakati wa mzigo mpya mabati huchanganywa, na unaweza kupewa geji tofauti na uliyolipia.

## Hatua ya 7: Pokea na uandike

Makubaliano ya mdomo mbele ya duka lenye kelele husahaulika hadi jioni. Kwenye mfano wetu, tuseme wamefikia 50,000 kwa pesa, kofia nne za 12,000 na misumari kilo sita kwa 6,000. Kofia ni 48,000, misumari 36,000, na pamoja na pesa jumla ni 134,000. Amekosa 16,000 ya ombi la juu, na hayo ni matokeo mazuri sana.

Andikeni mistari miwili nyuma ya nakala ya risiti: tarehe, kiasi, vitu na idadi yake, namba ya risiti ya awali, na sahihi zenu wote wawili. Kama pesa inakuja kwa simu, hakikisha jina linalotokea ni la duka au la mwenye duka, na mkubaliane mapema nani anabeba makato ya kutoa. Usikubali pendekezo la kurudisha muamala wako wa awali kupitia mtandao wa simu. Huduma hiyo ni ya pesa iliyotumwa kimakosa na inahusu kiasi chote, si tofauti.

Kofia na misumari zichukue siku hiyohiyo, ziende na gari la mabati 20. Kitu ulichoahidiwa na kukiacha dukani kwenye msimu wa kuezeka kinauzwa kwa mwingine, na ukirudi utaambiwa usubiri mzigo.

Kama mmekubaliana alipe baadaye, karatasi iwe na tarehe kamili ya malipo, si "mwezi ujao". Tarehe ikipita, mkumbushe kwa ujumbe huku ukiambatanisha picha ya karatasi. Kuanzia hapo hali yako imebadilika. Ulikuwa na ombi, sasa una deni lililoandikwa na kutiwa sahihi, na Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya madeni ya aina hiyo.